Melatonini ilimlaza mwanangu mwenye usonji, sasa imegoma. Niongeze dozi?

Mama_Luchelele

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa zangu shikamooni. Nina kijana wa miaka 7, ana usonji na ule utukutu wa kutotulia wanaouita ADHD, alishapimwa kliniki ya watoto na karatasi tunazo. Mchana tumeshazoeana naye, shida ni usiku. Tangu mdogo huyu saa saba usiku yuko macho, anaruka kitandani, anacheka peke yake, anaenda kufungua bomba, na sisi saa kumi na moja alfajiri inabidi tuwe tumeamka kwenda kwenye mihangaiko.

Sasa shangazi yake anayeishi nje akatuma kopo la melatonini, zile za kutafuna laini kama pipi, kila moja imeandikwa 5 mg. Nikampa moja, jamani saa tatu na nusu mtoto kalala, nikawa naenda kumchungulia kama kweli anapumua. Ikaenda hivyo wiki kadhaa. Sa hivi imegoma. Analala saa sita, siku nyingine saa saba ile ile ya zamani, halafu asubuhi ndo balaa, hasimami, macho mazito, mwalimu anasema analala darasani mpaka karibu na mchana. Dada wa duka la dawa kaniambia mwili umeshazoea nimpe mbili. Kabla sijampa nikasema niulize humu, kuna mzazi ameshapita njia hii?

Ngosha_Kisesa

Pole mama. Huyo dada yuko sahihi, mwili ukizoea unapanda kidogo kidogo mpaka upate inayomshika. Hiyo ni homoni ya asili, kila binadamu anatengeneza mwenyewe kichwani giza likiingia, sio sawa na vidonge vya usingizi vya watu wazima vile vya kulevya. Mimi binti yangu ana miaka 10 naye ni ADHD, anatumia melatonini vidonge vya kutoka Ulaya, namsagia kwenye uji wa usiku maana kumeza hataki, tunaenda vizuri tu. Ila na yeye ikifika saa tisa usiku anaamka, hapo ndo sijapata dawa yake.

Bibi_wa_Igogo

Wanangu nyie mnahangaika na vitu vya kutumiwa na ndege. Piritoni ya maji kijiko kimoja, mtoto analala mpaka jogoo. Nimelea sita kwa hiyo.

Mzee_Karabai

Kumbe kuna dawa ya kuleta usingizi, mimi niko Ukerewe kwenye dagaa, tunavua usiku mwezi ukiwa haupo, mchana ndo nilale na jua linawaka na bati linalia, usingizi hauji. Hiyo ya 5 mg inapatikana wapi Mwanza na shilingi ngapi?

Mama_Luchelele

Mzee wangu uzi ni wa watoto 😅 ila karibu.

Mfamasia_Nyakato

Mama Luchelele usimpe mbili leo. Na hiyo moja nayo tutaizungumza, ngoja kwanza nikuulize vitu kadhaa maana jibu la ongeza au punguza haliwezi kutoka bila hivyo. Moja, unampa saa ngapi hasa, na ni saa ile ile kila siku au inategemea? Mbili, ile shida ya sasa ni kuchelewa kushika usingizi tu, au akishalala anaamka tena katikati? Tatu, anakoroma? Nne, kabla hajalala miguu inakuwaje, inatulia au anaipigapiga? Tano, ana dawa nyingine yoyote anayotumia, hata ya mafua, hata ya taifodi aliyopewa mwezi huu? Na lile kopo ni lile lile la mwanzo au umefungua la pili?

Mama_Luchelele

Asante kaka. Muda tunampa akishakula, sasa chakula kwetu kinategemea baba karudi saa ngapi, inaweza ikawa saa mbili inaweza ikawa saa tatu na nusu. Akishalala akalala kweli haamki sana, labda mara moja. Hakoromi. Miguu ndo umenishtua maana sikuandika popote, kila usiku anapiga miguu ukutani, anaisugua kwenye godoro, ananivuta mkono wangu anauweka kwenye vigimbi vya miguu nimkande, nikiacha tu analia. Mimi nilijua ndo mambo ya usonji. Kuongea haongei kwa hiyo hasemi inamuuma au inamwasha. Dawa nyingine hakuna. Kopo ni la pili, aina ile ile.

Mfamasia_Nyakato

Sawa, hapo kuna mambo na naomba mnivumilie niandike kidogo.

Melatonini sio dawa ya kumuangusha mtu. Ni kama adhana, inautangazia mwili kwamba wakati umefika, haikubebi kukupeleka. Ndo maana kuongeza sauti hakusaidii sana kama kinachomzuia mtoto ni kitu kingine. Kwa watoto wenye usonji na ADHD inasaidia, hilo limeshapimwa vizuri. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2012 kwa watoto wenye shida za ukuaji wa ubongo, waliopewa melatonini walishika usingizi mapema kuliko wenzao kwa zaidi ya nusu saa, ila ukijumlisha usingizi wote wa usiku waliongeza dakika 20 na kidogo tu, kwa sababu wengi waliamka mapema zaidi. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni mlangoni, pale pa kuingia usingizini. Ngosha, binti yako kuamka saa tisa sio ajabu, nitakurudia.

Sasa hii ya kwako mama, ilifanya kazi vizuri sana halafu baada ya wiki kadhaa ikafa, na asubuhi mtoto mzito mpaka mchana. Picha hiyo kwetu inajulikana. Melatonini ya kawaida ikishamezwa haikai mwilini muda mrefu, kila baada ya saa moja hivi nusu yake imeshaondoka, asubuhi inatakiwa iwe imeisha. Kinachoiondoa ni ini, na kuna watoto ini lao linaivunja polepole, wamezaliwa hivyo. Mtoto wa namna hiyo ukimpa 5 mg leo, kesho kuna mabaki, unaongeza nyingine juu yake, kesho kutwa hivyo hivyo, mpaka inafika saa sita mchana damu bado imejaa melatonini. Mwili unatangaziwa usiku saa ishirini na nne, bas hauoni tena tofauti ya usiku na mchana na ile dawa inakosa maana. Ukimpa mtoto huyo mbili badala ya moja unazidi kumzamisha. Hapo daktari anachofanya ni kinyume cha alichosema dada wa dukani, anaisimamisha kabisa kwa muda ioshike mwilini, halafu akianza tena anaanza na dozi ndogo sana, nusu miligramu au moja.

Sisemi mwanao ndo hivyo kwa uhakika. Nasema dalili zimekaa upande huo, na kuna hiyo miguu, na kuna kopo jipya, vyote vitatu vinaweza kuleta kitu kile kile. Ndo maana tunasema daktari asimamie, maana ukiwa nyumbani unaona kitu kimoja tu, mtoto hajalala.

Ngosha_Kisesa

Mkuu heshima yako, ila mbona daktari wetu alisema inaweza kwenda mpaka 10?

Mfamasia_Nyakato

Na hakukosea, 10 mg ndo dari kwenye miongozo mingi ya watoto. Ila dari sio pa kuanzia. Unaanza na 1 mpaka 2, unakaa nayo wiki moja au mbili unaandika, ndo unapanda hatua ndogo kama haijatosha. Watoto wengi wanaishia chini kabisa ya hiyo 10. Aliyeanzia na 5 hajui kama 1 ingemtosha.

Sasa vidonge vyako vya Ulaya. Kwenye boksi hakujaandikwa ni vya kutoa dawa taratibu?

Ngosha_Kisesa

Ngoja nikaangalie... ndio, ni vile vidogo vidogo kama punje, viliidhinishwa kule kwa watoto wa usonji.

Mfamasia_Nyakato

Bas ndo hapo. Hivyo viliidhinishwa Ulaya 2018 na vimetengenezwa vidogo makusudi mtoto aweze kumeza bila kutafuna, na utamu wake wote uko kwenye kutoa dawa pole pole usiku kucha. Ukivisaga, dawa yote inatoka kwa mpigo saa tatu, ikifika saa saba imeshaisha, saa tisa binti macho juu. Vimiminie vizima kwenye kijiko cha mtindi au kitu kingine laini ameze bila kutafuna, usivipondeponde. Jaribu hilo kwanza kabla hujafikiria dawa nyingine ya kuamka usiku, na umwambie daktari kwamba ulikuwa unasaga, maana dozi aliyokuandikia aliipima kwa kidonge kizima.

Ngosha_Kisesa

Duh. Boksi lilikuja na karatasi la lugha ya kwao, nani alisoma. Nashukuru. Na hii dawa yake ya umakini anayokunywa mchana je, inaweza kuwa inachangia?

Mfamasia_Nyakato

Anakunywa ya pili saa ngapi?

Ngosha_Kisesa

Akirudi shule, saa kumi, saa kumi na moja hivi, ili afanye homuwek.

Mfamasia_Nyakato

Ile ya muda mfupi inakaa kama saa nne. Ya saa kumi na moja jioni inamfikisha saa tatu usiku bado inamchangamsha, wakati huo huo wewe unampa melatonini ya kumlaza. Ongea na daktari kama hiyo ya pili inaweza kurudi saa saba mchana au kufutwa. Usiifute mwenyewe.

Bibi_wa_Igogo

Kwa hiyo Piritoni mmeiruka kama haipo.

Mfamasia_Nyakato

Shikamoo bibi, sijairuka. Piritoni na ile Fenagani zinaleta usingizi kwa sababu ni dawa za mzio zinazopumbaza kichwa, sio kwa sababu zinatengeneza usiku. Siku chache tu mwili unazoea. Na watoto wengine, hasa hawa wa kwetu, zinawageuza, badala ya kulala anapanda ukuta. Fenagani kwa mtoto wa chini ya miaka 2 ni hatari kabisa, inaweza kumzuia kupumua. Na kama mtoto ana miguu inayomsumbua kama ya Mama Luchelele, dawa za kundi hilo huwa zinaizidisha ile miguu. Kwa hiyo kwa huyu mtoto hapana kabisa.

Bibi_wa_Igogo

Marahaba. Wangu walilala.

Mwl_Kitengo

Naomba niingilie, mimi nafundisha kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu hapa hapa mjini, sitasema shule gani. Mama, kitu ambacho wazazi hamkioni ni kile kinachotokea kwetu mchana. Mtoto akija mzito asubuhi tunamlaza kwenye mkeka, analala saa mbili nzima, wengine tatu, kwa sababu darasa lina watoto wengi na aliyelala hasumbui, tuseme ukweli. Huyo jioni atapata wapi usingizi? Naomba umuulize mwalimu wake analala kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi na uandike. Mimi sina imani sana na madawa, nimeona watoto wanatulia usiku kwa ratiba tu: kula saa ile ile, kuoga, taa kupunguzwa, tivii na simu kuzimwa saa moja kabla. Kwa watoto wa usonji picha zinasaidia, unabandika ukutani picha ya sahani, ya beseni, ya nguo za kulalia, ya kitanda, anazifuata kwa mpangilio kila siku.

Mfamasia_Nyakato

Mwalimu amesema kweli, na hata miongozo ya madaktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani ya 2020 kuhusu usonji inasema hivyo, ratiba kwanza, melatonini ifuate kama ratiba haijatosha. Ila mwalimu, mtoto ambaye miguu inamsumbua hata ukimbandikia picha ukuta mzima hatalala. Ndo maana nataka hilo liangaliwe na daktari kabla ya yote.

Mama, nenda kwa daktari wa watoto, kama kliniki yenu ni Bugando rudi pale pale wana faili lake. Nenda na vitu viwili. Kopo lenyewe, usiende na maelezo ya mdomo. Na daftari la usiku wa wiki moja mpaka mbili: saa aliyokula, saa ya dawa, saa ya taa kuzimwa, saa aliyolala kweli, kaamka mara ngapi, kaamka saa ngapi asubuhi, na kalala mchana kiasi gani. Na mrekodi na simu akiwa anapiga hiyo miguu, daktari akiona video sekunde 30 ataelewa kuliko wewe kueleza nusu saa.

Kuhusu miguu, uulize kipimo cha feritini. Hiyo inaonyesha akiba ya madini ya chuma, mtoto anaweza asionekane kupungukiwa damu kabisa na akiba imekauka. Na ubongo ukikosa chuma miguu haitulii usiku. Watoto wa usonji wengi wanachagua chakula, huyu anakula nini?

Mama_Luchelele

Ugali mkavu na chipsi. Samaki hataki hata kunusa, na tunaishi ziwani hapa 🙄. Mboga hapana. Chai ya maziwa anakunywa hata mara nne.

Mfamasia_Nyakato

Umenijibu kabla hujapima. Na chai inazuia chuma kuingia mwilini. Halafu huyo anaogelea ziwani?

Mama_Luchelele

Maji ndo starehe yake, jioni nzima yuko ufukweni na wenzake, ukimtoa ni ugomvi.

Mfamasia_Nyakato

Bas na kichocho kipimwe, choo. Kichocho cha tumbo kwetu huku mwambao kiko wazi na kinakula damu ya watoto pole pole. Halafu sikiliza hapa kwa makini: feritini inapanda yenyewe mtoto akiwa na maambukizi, kwa hiyo majibu yakija yanasomeka kawaida na mtoto ana kichocho au malaria, hiyo kawaida inaweza kuwa ya uongo. Na maabara inaweza kukuandikia kawaida kwa namba ambayo kwa miguu ya namna hii madaktari wa usingizi hawairidhii, wao wanataka ifike 50 na zaidi. Ndo maana majibu asome daktari anayejua unatafuta nini. Na usikimbilie kununua sharubati ya chuma dukani kabla, huku Kanda ya Ziwa sikoseli ni nyingi, mtoto wa sikoseli aliyeongezewa damu mara kwa mara chuma kimeshamjaa tayari.

Kirumba_Boy

Mimi nina swali la kijinga, hii melatonini inaponyesha usonji? Maana kuna jamaa anauza mtandaoni anasema akili ya mtoto inafunguka anaanza kuongea.

Mfamasia_Nyakato

Haiponyeshi usonji na haifungui mdomo. Mtoto aliyelala vizuri anaweza akatulia zaidi mchana na mwalimu akamfundisha, hapo ndo mwisho wake. Huyo jamaa muulize namba ya usajili ya TMDA ya hiyo dawa yake uone atakavyokublok.

Na hili la makopo ya mtandaoni na ya kutumiwa. Marekani melatonini inauzwa kama kirutubisho, haipitii ukaguzi wa dawa. Watafiti kule 2023 walipima hizo za kutafuna aina 25, aina 22 kilichokuwemo hakikulingana na kilichoandikwa, iliyozidi kuliko zote ilifika zaidi ya mara tatu ya kilichoandikwa, na moja haikuwa na melatonini hata chembe. Sasa mama wewe umefungua kopo la pili aina ile ile, unaweza ukadhani unampa 5 kama zamani, mle ndani inaweza kuwa 3 au 12, hakuna ajuaye. Daktari hawezi kupanga dozi juu ya kitu kama hicho.

Na mziweke juu, zina utamu wa pipi. Huko huko Marekani simu za watoto waliobugia melatonini kwenye vituo vya sumu zilipanda zaidi ya mara sita kati ya 2012 na 2021, nyingi watoto wadogo walioikuta nyumbani.

Mzee_Karabai

Sasa mfamasia na mimi?

Mfamasia_Nyakato

Mzee wangu wewe shida yako ni jua. Mwanga ukiingia machoni ubongo unasimamisha melatonini yake. Ukitoka ziwani asubuhi vaa miwani ya jua mpaka nyumbani, dirisha liweke pazia zito jeusi, ulale. Ukishindwa nenda ukapime presha na mengine kwanza, ukimwambia daktari unavyovua. Usinunue hizo.

Mzee_Karabai

Miwani ya jua kwenye mtumbwi watanicheka ila nitajaribu.

Dada_Igoma

Mimi naogopa kitu kimoja tu, nimesikia inachelewesha balehe. Wangu ana miaka 9, daktari kasema tunaweza kuanza lakini baba yake kagoma kwa sababu hiyo.

Mfamasia_Nyakato

Hofu hiyo ilitoka kwenye wanyama ambao melatonini ndo inawapangia msimu wa kuzaa. Kwa watoto, waliofuatiliwa miaka kadhaa hawajaonekana kuchelewa kwa namna ya kutisha, ila waliofuatiliwa muda mrefu kweli kweli ni wachache, kwa hiyo mimi simwambii baba yake kwamba hofu yake ni upuuzi. Ndo maana hatumpi mtoto tukamsahau, mtoto anapimwa urefu na uzito kila akirudi kliniki, na angalau mara moja kwa mwaka inasimamishwa kidogo kuona kama bado anaihitaji.

Dada_Igoma

Hapo kwenye "wachache" ndo atang'ang'ania.

Mwl_Kitengo

Na ana haki.

Mama_Luchelele

Jamani nimerudi na mrejesho, samahani nilikaa kimya, mambo ya foleni na vipimo mnayajua.

Daktari aliangalia ile video ya miguu mara mbili, akasema hii sio tabia. Melatonini kasimamisha yote. Damu wamechukua, kuishika hiyo mikono tulikuwa watu wanne, nilimpaka ile krimu ya ganzi waliyonielekeza saa moja kabla ndo ikasaidia kidogo. Feritini imekuja 11. Sikoseli hana. Kichocho kimeonekana kwenye choo, kapewa prazikwanteli, dozi kwa urefu wake, palepale. Sharubati ya chuma tumeanza, nampa asubuhi na maji ya chungwa, chai tumeisogeza mbali na dawa, na nikaambiwa choo kitakuwa cheusi nisishtuke. Kipimo kitarudiwa baada ya miezi mitatu.

Siku za mwanzo bila melatonini zilikuwa mbaya, sitawaficha, siku mbili hakulala kabisa mpaka alfajiri. Halafu ule uzito wa asubuhi ukaanza kuisha, wiki ya kwanza haijaisha mwalimu akanipigia simu mwenyewe kasema leo hajalala darasani. Baada ya muda daktari akamrudishia, kidonge cha kawaida cha kutoka famasi ya hospitali, 1 mg, saa mbili na nusu usiku iwe baba karudi hajarudi, taa ndogo, tivii imezimwa. Sasa hivi analala saa nne kasoro, siku nyingine saa nne na nusu. Sio kila siku. Juzi alikesha tena na sijui kwa nini.

Ngosha_Kisesa

Hongera mama! 1 mg imefanya kilichoshindwa 5, nimeinua mikono. Wangu tangu niache kusaga anafika saa kumi na moja, na ile ya pili daktari kairudisha saa saba mchana.

Mwl_Kitengo

Mimi nasema ni saa. Mtoto amepata saa ile ile ya kulala kila siku na mchana halali tena, hiyo 1 mg ingetolewa kwenye ile fujo ya zamani isingefanya kitu.

Mfamasia_Nyakato

Mwalimu inawezekana. Mimi naegemea kwenye mabaki ya melatonini, kwa sababu uzito wa asubuhi uliondoka ndani ya siku chache baada ya kusimamisha, na chuma haiwezi kufanya kazi haraka hivyo, chuma tunaongelea wiki nyingi mpaka miezi. Ila vitu vitatu vimebadilishwa karibu pamoja, kutenganisha kipi ni kipi hapa haiwezekani. Miguu imepungua?

Mama_Luchelele

Bado anapiga, ila kunivuta mkono nimkande imekuwa mara chache.

Mfamasia_Nyakato

Hiyo iandike kwenye daftari. Ikifika miezi mitatu feritini imepanda na miguu imetulia, uliza daktari kama hiyo 1 mg nayo inaweza kujaribiwa kuachwa. Isipotulia na feritini imepanda, kuna kingine, atafutwe daktari wa mishipa ya fahamu.

Mama_wa_Sengerema

Samahani nimechelewa kuuona uzi, wangu ana usonji na kifafa, anakunywa tegretoli, usiku anashtuka anakaa kitandani anakodoa macho halafu analala tena. Nimpe hiyo 1 mg kama ya huyu mama?

Mfamasia_Nyakato

Mama usimpe kitu. Huko kushtuka na kukodoa inaweza kuwa degedege la usingizini, sio kukosa usingizi, na tegretoli nayo inaiondoa melatonini haraka mwilini kwa hiyo dozi ya mtoto wa mwenzako haikuhusu hata kidogo. Mrekodi video usiku huu, andika inachukua dakika ngapi na ni saa ngapi, na uende kwa daktari anayemwandikia tegretoli wiki hii hii, usingoje tarehe ya kliniki. Ikizidi dakika tano bila kuacha ni usiku huo huo hospitali.

Mama_wa_Sengerema

Sawa, nitavuka daraja kesho asubuhi. Video ya jana ninayo, niitume pm?

Mfamasia_Nyakato

Mpelekee daktari, mama. Mimi hata nikiiona siwezi kubadilisha tegretoli kutokea hapa Nyakato.